UZI: PR ina faili la .tif lililoongezwa kisha likafutwa. Nimeji au nisimeji?

Mkulima_Koda (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijabonyeza kitufe.

Nasimamia ripo ya programu huria ya kumbukumbu za mashamba ya parachichi, inayotumiwa na vikundi kadhaa vya wakulima huku Rungwe. Ripo nzima ukiikloni leo ni MB 31. Naichunga ibaki hivyo kwa sababu wachangiaji wengi wanatumia bando la simu, na wengine wako mahali ambapo mtandao ukifika megabiti 2 kwa sekunde wanashukuru.

Sasa kuna kijana wa Mafinga kafungua PR namba 57. Kazi nzuri kabisa, kaongeza tabaka la mipaka ya mashamba kwenye ramani. Ila mwanzoni aliweka na picha ya droni, `data/rungwe_2.tif`, zaidi ya MB 80. GitHub haikuikataa kwa sababu kikomo chake ni MB 100 kwa faili. Nikamwomba aiondoe, naye akaongeza komiti inayoifuta. Nikifungua `Files changed` naona mafaili sita madogo tu, `.tif` haipo.

Swali la kwanza: iko salama kumeji? Swali la pili: kuna PR nyingine inakuja yenye modeli ya kutambua magonjwa ya majani, MB 38, na itakuwa inabadilika kila tukiifundisha upya. Hiyo ndiyo ya kuweka LFS, yaani faili lenyewe likae kwenye seva nyingine nje ya git, au kuna njia nyingine?

KijanaWaKabwe (Mbeya mjini)

Mkuu, umeshamaliza. Faili limefutwa, meji tu. Na kama una wasiwasi, mwambie aandike `git lfs track "*.tif"` kwenye tawi lake, apushi tena, basi. LFS ndiyo dawa ya haya mambo yote. Sisi kazini kila kisicho maandishi kinaenda LFS na hatujawahi kulia.

dada_Kihesa (Iringa)

Mkulima_Koda, usimeji kwanza. Nisome mpaka mwisho.

`Files changed` inakuonyesha tofauti kati ya mwanzo wa tawi na mwisho wake. Faili lililoingia komiti ya pili na kutoka komiti ya tano halionekani hapo kwa sababu mwisho wa safari halipo. Lakini git haitunzi mwisho wa safari peke yake, inatunza kila komiti na kila faili lililokuwa ndani yake. Ukimeji kwa `Create a merge commit` au `Rebase and merge`, komiti zote zinaingia `main` pamoja na hiyo picha, na kuanzia hapo kila atakayekloni ataishusha picha ambayo hata haioni kwenye folda.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Lete tawi lake kwenye mashine yako, kisha uliza git ni vitu gani vimo kwenye komiti zake ambavyo `main` haina:

```
git fetch origin
git fetch origin pull/57/head:pr-57
git rev-list --objects origin/main..pr-57 |
  git cat-file --batch-check='%(objecttype) %(objectsize) %(rest)' |
  sort -k2 -n | tail -5
```

Namba ya katikati ni ukubwa kwa baiti. Tuletee majibu hapa.

Mkulima_Koda

Nimeendesha. Mistari ya mwisho ni hii:

```
blob 1874 src/tabaka.py
blob 41207 docs/picha/menyu.png
blob 88214630 data/rungwe_2.tif
blob 88340112 data/rungwe_2.tif
```

Dada, mbona iko mara mbili?

dada_Kihesa

Kwa sababu aliitoa upya kwenye programu ya ramani akaiweka tena kwa jina lilelile. Kwa git hayo ni mafaili mawili kamili. Moja ni kama MB 84.1, la pili MB 84.2, jumla zaidi ya MB 168. Ripo yako ya MB 31 ingekaribia MB 200 kwa PR ambayo machoni ina mafaili sita madogo.

Mtu atauliza, si git hubana mafaili yanayofanana? Hubana, ndiyo. Ukibadilisha mstari mmoja wa kodi, inapopakia vitu vyake inaweza kutunza ile tofauti peke yake. Lakini picha kama hii kwa kawaida imeshabanwa ndani yake, na mabadiliko madogo ya rangi au mipaka yanageuza karibu baiti zote zinazofuata. Git ikitafuta kinachofanana kati ya matoleo mawili inapata kidogo mno. JPEG ni hivyo, zipu ni hivyo, video ni hivyo. Ndiyo maana faili la MB 84 linalorekebishwa mara tano linakugharimu karibu MB 420, na hakuna namna ya kuzipunguza baadaye bila kuandika historia upya.

Kwa megabiti 2 anazozisema Mkulima_Koda, MB 84 tu ni karibu dakika sita za kusubiri, ikiwa laini haikukatika. Ikikatika, `git clone` haiendelei pale ilipoishia, inaanza upya.

Kijana wa Kabwe, kuhusu `git lfs track`: hiyo amri inaandika mstari kwenye `.gitattributes` na inahusu yatakayoongezwa kuanzia hapo. Komiti zilizokwishapita haizigusi. Angeifanya leo, zile mbili zingebaki palepale.

KijanaWaKabwe

Sawa dada, hapo nimekuelewa. Ila mbona mnakuza? Mgeni akitaka kukloni anaweka `--depth 1`, anapata hali ya sasa tu bila historia. Picha hiyo hataiona kabisa.

dada_Kihesa

Kweli hataiona, na kwa mtu anayetaka kujenga programu tu hiyo inatosha. Lakini mchangiaji anahitaji historia: nani alibadilisha mstari huu, lini, kwa nini. Kuna `git clone --filter=blob:none`, inayoleta historia yote na kuacha yaliyomo hadi yanapohitajika. Hiyo ni bora zaidi, ila lazima kila mtu aijue na aikumbuke, na anayekloni mara ya kwanza ndiye asiyeijua. Mimi naona ni haki zaidi msimamizi azuie mzigo mlangoni kuliko kila mgeni afundishwe kuukwepa.

Mafinga_Ramani (Mafinga)

Habari zenu. Mimi ndiye mwenye PR 57. Nimeuona uzi huu, asanteni kwa kuijadili kazi yangu kwa heshima.

Nieleze kwa nini picha ilikuwepo. Majaribio ya tabaka langu yanahitaji picha halisi yenye majira ya nukta, vinginevyo siwezi kuthibitisha kwamba mipaka inaangukia mahali pake. Nikaiweka ili majaribio yaende hata bila mtandao. Nilipoambiwa niiondoe nikaiondoa, lakini sasa jaribio moja halifanyi kazi. Nifanyeje ili historia isafike na jaribio lirudi?

dada_Kihesa

Karibu sana kaka, na asante kwa maelezo, maana yanabadilisha jibu. Wewe huhitaji picha ya shamba zima, unahitaji kipande chake chenye majira ya nukta. Kikate:

```
gdal_translate -srcwin 4000 4000 512 512 \
  -co COMPRESS=DEFLATE rungwe_2.tif tests/sampuli.tif
```

Namba mbili za kwanza ni pikseli ya kuanzia, chagua mahali penye kona ya mpaka wa shamba. Kipande cha 512 kwa 512 chenye bendi tatu ni baiti 786,432 kabla ya kubanwa, yaani hakifiki MB moja, na GDAL inarekebisha majira ya nukta yenyewe. Faili kama hilo liache kwenye git ya kawaida. Halihitaji LFS wala kitu kingine.

Historia sasa. Kwa kuwa mwisho wa tawi lako hauna picha kubwa, unaweza kukunja komiti zote ziwe moja:

```
git fetch upstream
git reset --soft $(git merge-base upstream/main HEAD)
git add tests/sampuli.tif
git commit -m "Ongeza tabaka la mipaka ya mashamba"
git push --force-with-lease
```

`--soft` haigusi mafaili yako, inarudisha alama ya tawi nyuma tu. Picha asili iwe nje ya folda ya ripo wakati huo, isije ikaingia tena kwa `git add .`

Mkulima_Koda angeweza pia kubonyeza `Squash and merge` bila wewe kufanya lolote, maana hiyo inapeleka `main` hali ya mwisho peke yake. Lakini hapo usalama unategemea kitufe alichobonyeza siku hiyo, na msimamizi mwenzake asiyejua habari hii atabonyeza kingine. Ni heri tawi lenyewe liwe safi.

MzeeTukuyu (Tukuyu)

Wanangu, mimi ni ofisa ugani, hiyo programu naitumia kwa wakulima. Nimefurahi kusikia mnapunguza uzito, kwa sababu kwenye simu yangu imejaa na picha zinagoma kupakia. Toleo jipya litakuwa na MB ngapi?

Mkulima_Koda

Shikamoo mzee. Tunachojadili hapa ni uzito wa ghala la kodi ambalo sisi waandikaji tunalishusha kwenye kompyuta, programu ya kwenye simu yako haitapungua kwa hili. Ila swali lako liko karibu sana na swali langu la pili, kwa sababu ile modeli ya MB 38 ndiyo itakayoingia kwenye simu. Hilo la picha kugoma kupakia naomba uniandikie aina ya simu yako kwenye ujumbe binafsi, nilifuatilie.

MzeeTukuyu

Marahaba. Nimekuelewa, nitakutumia.

MwalimuNjombe (Njombe)

Kwa kuwa LFS imetajwa, niwape yaliyotukuta. Shuleni tunaweka mitihani ya zamani na notisi kwa PDF kwenye tovuti ya GitHub Pages. Mtu aliyetusaidia akaona PDF ni nyingi, akazihamishia zote LFS. Tovuti ikapanda vizuri, lakini mwanafunzi akibonyeza mtihani, anaambiwa faili limeharibika. Nikalishusha moja nikalifungua kwa programu ya maandishi, ndani nikakuta mistari mitatu tu:

```
version https://git-lfs.github.com/spec/v1
oid sha256:9f2c...
size 2417733
```

Nikapunguza PDF zote ziwe ndogo, nikazirudisha kwenye git ya kawaida. Je, kuna siku LFS itafanya kazi kwenye Pages?

dada_Kihesa

Mwalimu, GitHub Pages haisomi LFS, na wenyewe wameliandika hilo kwenye maelekezo yao. Ulichokikuta ndani ya PDF ndicho LFS inachoweka kwenye git: kikaratasi kinachosema faili lenyewe ni lipi na lina ukubwa gani. Mzigo wenyewe uko kwenye seva nyingine, na lazima kuwe na mtu au mtambo wa kwenda kuuchukua. Uamuzi wako ulikuwa sahihi.

Na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuangalia popote LFS inaposumbua. Ukiona picha ya baiti mia na thelathini hivi, huyo aliyekloni hana `git-lfs`, au mtambo wa majaribio haujaambiwa. Kwenye `actions/checkout`, LFS imezimwa hadi uandike `lfs: true`. Upande wa pili upo pia: mchangiaji asiye na `git-lfs` anaweza kupushi faili zima mahali palipotakiwa kikaratasi, na wewe kwenye PR usilione hilo kwa haraka. `git lfs fsck --pointers` inalikamata.

Mkulima_Koda

Turudi kwenye modeli basi. MB 38, faili la `.tflite`, linabadilika labda kila msimu, na kodi ya toleo fulani inataka modeli ya toleo hilohilo. Kwa maelezo yangu naona hii ni LFS moja kwa moja. Nakosea wapi?

dada_Kihesa

Hujakosea, ila piga hesabu ya upakuaji kwanza. Kila modeli inaposhushwa kutoka LFS, inahesabiwa kwenye mgao wa mwezi wa mwenye ripo, hata kama aliyeshusha ni mtu baki. Mtambo wako wa majaribio nao unahesabiwa. Tuseme unaendeshwa mara 20 kwa siku: MB 38 mara 20 ni MB 760, kwa mwezi karibu GB 23, hapo hujagusa binadamu yeyote. Mgao ukiisha na hujaweka malipo, LFS inafungwa hadi mwezi mwingine, na PR za watu zinaanza kufeli kwa sababu isiyohusiana na kodi zao. Unaweza kupunguza kwa kuiweka modeli kwenye kashe ya mtambo, lakini ni kazi ya ziada ya kutunza.

Jingine ni la mafoki. Mchangiaji akipushi modeli kwenye foki yake, nafasi inahesabiwa kwenye ripo mama, yaani kwako. PR ukiikataa, mzigo unabaki. Kuuondoa GitHub si amri moja, ni kuwaandikia wahudumu wao au kufuta ripo yenyewe.

Mimi modeli ningeiweka kwenye `Releases`. Faili moja huko linaruhusiwa hadi karibu GB 2, na upakuaji hauna mgao. Ndani ya git ningebakiza hashi yake tu, na skripti fupi:

```
curl -L -o jani.tflite "$MODELI_URL"
sha256sum -c jani.sha256
```

Kodi ya toleo fulani inabeba hashi ya modeli yake. Ukirudi nyuma kwenye komiti ya zamani, unapata hashi ya zamani, na skripti inakataa modeli isiyolingana nayo. LFS ningeiacha kwa vitu ambavyo mtu anavihariri kwa mkono na kila anayefungua ripo anavihitaji: mchoro wa asili wa nembo wenye matabaka, sauti zinazorekodiwa upya, mafaili ya mchezo wa kompyuta. Kitu kinachozalishwa na mtambo, au kinachowekwa mara moja kisiguswe tena, sioni sababu.

KijanaWaKabwe

Hapa dada sikubali moja kwa moja. Sisi tulikuwa na mpango wa hashi na skripti kama huo. Tatizo: mtu wa nje akitaka kubadilisha modeli na kodi kwa pamoja kwenye PR moja, hana ruhusa ya kupakia kwenye `Releases` za ripo yako. Inabidi akutumie faili kwa njia ya pembeni, wewe upakie, ndipo majaribio yake yapite. Kwa LFS anapushi kwenye foki yake, wewe unashusha tawi, unajaribu, mambo yamekwisha. Mkulima_Koda anasema anataka wachangiaji, sasa huko ni kuwafungia mlango.

dada_Kihesa

Hiyo hoja ni ya kweli na sina jibu zuri nayo. Kumbuka tu foki inaruhusiwa kupushi LFS ikiwa ripo mama tayari ina vitu vya LFS, au mtu huyo ana ruhusa ya kuandika. Kwa hiyo huwezi kusema LFS itaanza na mgeni, lazima uianzishe wewe. Inategemea ni nani atakayefundisha modeli. Kama ni watu wawili watatu mnaojuana, `Releases` inatosha. Kama ni yeyote kutoka popote, basi Kabwe ana haki.

Mkulima_Koda

Kwa sasa anayefundisha modeli ni mmoja, yuko Vwawa, na ruhusa ya kuandika anayo. Nitaanza na `Releases`. Wakiongezeka tutaufungua upya mjadala huu.

Kwa upande wa mlango, nimeiweka ile amri ya kupima kwenye mtambo wa majaribio: PR yoyote ambayo ndani ya komiti zake kuna kitu cha zaidi ya MB 1, inafeli na kutaja jina la faili. Nimelazimika kuweka `fetch-depth: 0`, bila hivyo mtambo unaleta komiti moja na hauna cha kulinganisha. MB 1 ni namba niliyoichagua kwa kuangalia mafaili tuliyo nayo, kubwa kuliko yote ni KB 640.

Mafinga_Ramani

Nimeshapushi upya. Sampuli imetoka KB 590, jaribio limerudi kuwa la kijani. Mkulima_Koda naomba upime tena upande wako.

Mkulima_Koda

Nimefuta `pr-57` yangu ya zamani, nikaishusha upya na kupima. Kubwa kuliko yote sasa ni `tests/sampuli.tif`. Nimemeji. Asante sana kaka.

MwalimuNjombe

Samahanini, swali moja tu. Zile picha za MB 84 alizopushi mwanzo, sasa ziko wapi? Nauliza kwa sababu kwenye ripo yetu kuna mtu aliweka orodha ya wanafunzi kwenye PR, tukaifunga bila kumeji.

dada_Kihesa

Mwalimu, hilo ni zito kuliko uzito wa faili. Kwa mtu anayekloni kawaida hazimfikii, kwa sababu `git clone` haileti marejeo ya PR. Lakini kwenye seva, GitHub hutunza `refs/pull/57/head` hata PR ikifungwa, na komiti za zamani zilizopushiwa juu yake zinaweza kuendelea kufunguka kwa mwenye namba yake. Kwa picha ya shamba tunaweza kuvumilia. Kwa orodha ya wanafunzi, waandikie wahudumu wa GitHub leo, uwape namba ya PR na uwaombe waiondoe na kashe zake. Ikiwa ndani kulikuwa na nywila yoyote, ibadilishe kabla hata hujaandika hiyo barua.

MwalimuNjombe

Majina na namba za simu za wazazi. Naandika sasa hivi.